Cherehani Niliyoisikia

Mimi ni mtu wa maswali. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusimamia wasaili waliokuwa wakiwauliza wakimbizi kutoka Burundi kama chakula cha mwezi kimewafikia, kimetosha, na kimegawanywa kwa haki. Nilikaa mjini, mtaa wa Gungu, nikapanda gari la ofisi alfajiri, tukapita Kidahwe, tukaendelea kupanda hadi kambini. Jioni nilirudi na vumbi hadi kwenye kope. Mama yangu, aliyeishi Bangwe, alikuwa akinicheka, anasema kazi gani hiyo ya kulipwa kwa kuuliza watu wamekula nini.

Ukweli ni kwamba kuuliza si kazi nyepesi. Kambini mgao ulitolewa kwa makundi. Kiongozi wa kundi alipokea magunia ya watu wake, kisha akaigawia kila familia kwa kopo. Kwa hiyo chakula kingeweza kutoka ghalani kamili na kufika jikoni kimepungua, na aliyejua kimepungulia wapi ni yule aliyepokea mwisho, mwenye jiko. Yeye ndiye tuliyekuwa tukimtafuta.

Mwaka wa kwanza tulikwenda nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo nilipomkuta mama mmoja, mtu mzima kunizidi, aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti chake yeye akakaa chini kwenye mkeka. Nilipomuuliza kama mgao ni kamili, aliitikia kwa ndiyo ya Kirundi, "Ego, tunapata, tunamshukuru Mungu." Mgeni haambiwi kwamba nyumba haina kitu. Nimelelewa hivyohivyo mimi Muha, nikajua kwamba jibu hilo ni la kumkaribisha mgeni tu, bado si jibu.

Nikafunga daftari. Tukaenda nyuma ya jikoni, nikashika ungo nikamsaidia kuchambua maharage, na nikamchokoza kidogo: "Mama, wahenga walisema mficha uchi hazai." Akacheka, akasema yeye amekwisha kuzaa, hao wajukuu ni ushahidi. Kisha akainuka akaleta ndoo ya plastiki. Ubavuni palikuwa na mchoro mwembamba uliochorwa kwa msumari. Alinieleza kwamba siku ya kwanza alipopewa mgao uliopimwa kwa mzani, aliumimina humo na kuweka alama. Tangu wakati huo kila mwezi alimimina na kutazama. Unga aliopokea jana yake ulikuwa umelala chini ya alama, upana wa vidole vitatu.

"Kopo limebonyezwa kitako kwa nyundo," alisema kwa sauti ndogo. "Ukilitazama kwa juu huoni kitu. Usitaje kwamba nimesema mimi."

Sikumtaja. Niliandika niliyoyaona, wasaili wenzangu wakaleta ya kwao yanayofanana, na mwezi uliofuata mzani wa kupimia upya ukawekwa kwenye njia ya kutokea ya uwanja wa mgao. Familia iliyokuwa na shaka ilipima, na mgao ukiwa pungufu ilirudishiwa. Nilipokwenda tena alinionyesha ndoo, unga umefika kwenye alama. Nilijiona mtu wa maana sana.

Halafu mambo yakabadilika. Masika yaliharibu barabara, magari yakapungua, na mkuu wa mradi akaniita ofisini. Alisema hatuwezi tena kwenda nyumba kwa nyumba kila mwezi. Kulikuwa na njia tatu: kuendelea kuonana uso kwa uso lakini na watu wachache, kupiga simu, au kuwatumia watu kiungo wajaze fomu wenyewe mtandaoni. "Wewe ndiye unayewajua," aliniambia. "Zijaribu zote tatu, kisha chagua. Na ujue, mahali pasipo na malalamiko tutaondoa mzani, unahitajika kambi nyingine."

Nilijaribu zote tatu kwa maswali yaleyale. Fomu ya mtandaoni ilinivunja moyo haraka. Waliojibu walikuwa vijana wenye simu kubwa, walimu wa shule za kambini na mafundi wa redio. Wanawake wazee hawakuwamo. Wengi waliacha katikati, maswali ya mwisho yakabaki wazi. Lakini pale mwisho palipoachwa nafasi ya kuandika chochote, wawili watatu waliandika bila kupepesa macho kwamba kuna makopo yaliyobonyezwa, na mmoja akataja hadi mahali yanapofichwa. Hawakuwa wakimtazama mtu usoni, na hakuna aliyewasikia. Niliisoma mistari hiyo mara mbili. Kisha nikaandika pembeni kwamba walioandika ni wachache na hawawakilishi kambi, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo kweli niliyoitumia kujifichia.

Uso kwa uso niliufahamu. Ulileta malalamiko mengi, na ndoo, na kopo. Pia ulileta matope, kiuno kuuma, na kulala ugenini gari lilipokwama. Nitasema wazi: nilikuwa nimechoka. Nilitaka kulala kitandani kwangu Gungu na kula samaki aina ya migebuka wa mama yangu Jumamosi kama watu wengine.

Simu ilinipendeza kabla hata sijaijaribu.

Nilipiga mwenyewe nikiwa barazani pa ofisi, chai pembeni. Orodha ya namba niliyopewa ilikuwa na kasoro ambayo mtu yeyote angeiona: mbele ya majina mengi palikuwa na namba ileile moja. Kambini si kila nyumba ina simu, watu huandikisha namba ya jirani. Niliiona nikasema si kitu, ujirani ni jambo jema.

Nilipoipiga, ilipokelewa na mwanamume. Nilimtajia jina la mwanamke ninayemtaka, akaita kwa sauti, mwanamke akaja. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa cherehani, tatata, inasimama, tatata. Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia. Yule mwanamke alisema mgao ni kamili. Nikapiga tena kwa jina la pili. Cherehani ileile. Kamili. La tatu, la nne. Majibu yalikuwa mafupi na yamefanana mno. Hakuna aliyekataa kujibu, hakuna aliyesema hajui. Mtu wa takwimu angefurahi, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kufurahi.

Jina la tano lilikuwa la mama wa ndoo.

Fomu yetu ya simu ilianza na swali moja ambalo nililitunga mimi: je, uko mahali unapoweza kuongea kwa uhuru, peke yako? Nilimuuliza. Cherehani ikasimama. Ilisimama kabisa, kama mtu aliyeinua mguu kwenye kanyagio ili asikie vizuri. Nilikumbuka hapo hapo kwamba kiongozi wa kundi lake, yule mwenye kopo, ni fundi cherehani. Mama mwenyewe alinionyesha kibanda cha fundi huyo siku tulipochambua maharage.

"Ego," akasema. "Niko peke yangu."

Nikatia tiki.

Ningeweza kukata simu nikasema mtandao umekatika. Ningeweza kumuuliza habari za wajukuu, nikaaga. Ningeweza kuandika mhojiwa hayuko peke yake, kisha nikapanda gari kesho yake. Badala yake niliendelea hadi swali la mwisho, na kila swali alijibu kwa upole, na kila jibu nikaliandika kwa mwandiko mzuri. Mgao? Kamili. Kopo? Zuri. Malalamiko? Hakuna. Tulipoagana cherehani ilianza tena.

Katika ripoti niliandika kwamba simu ni ya haraka, inafika kambi nzima hata barabara ikiharibika, haina maswali yaliyoachwa wazi, na kwamba malalamiko yaliyokuwa yakionekana uso kwa uso huenda yalichochewa na kuwapo kwa msaili, watu wakitumaini kuongezewa. Sentensi hiyo ya mwisho huwa kweli mahali fulani. Kwa mama wa ndoo haikuwa kweli, na nilijua. Mkuu alinisifu. Mwezi uliofuata mzani uliondolewa katika upande wao wa kambi.

Nilikaa miezi minne bila kwenda. Nikipita kwa fundi yeyote pale Ujiji, cherehani ikilia, nilivuka barabara. Nilijiambia natafuta kivuli.

Katika mwezi wa tano tangu simu ile barabara ilikauka, nikaomba niende kufanya ulinganisho: watu wachache waliojibu kwa simu waulizwe upya uso kwa uso. Niliuita usahihi wa kazi. Kwa kweli nilikuwa naenda kwake.

Alikuwa amekonda. Wajukuu wawili walilala kwenye mkeka mchana kweupe, na watoto wa umri ule hawalali mchana wakiwa wameshiba. Alinipa kiti kilekile, akakaa chini. Nilimwomba twende nyuma ya jikoni. Akasema hapa hapa panatosha. Ndoo ilikuwa wazi kando ya ukuta, nikaiona, unga wa mgao wa jana yake haukufika hata nusu ya njia kwenda kwenye alama.

Nikamuuliza kama mgao ni kamili.

Alinitazama, kisha akaniuliza yeye, polepole kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani: "Siku ile uliponipigia, ulisikia cherehani?"

Nimewafundisha wasaili wengi kwamba mtu akiulizwa jambo la aibu ana kwa ana hupunguza ukweli ili asijidhalilishe mbele ya anayeuliza. Nimelieleza hilo ubaoni kwa chaki, kwa mifano. Sikuwahi kufikiri kwamba mfano ni mimi.

"Mtandao ulikuwa unakatika, mama," nikasema. "Sikusikia vizuri."

"Ego," akasema. Ilikuwa ego ileile ya kwenye simu, sauti ileile. Akauvuta ungo, akaanza kuchambua maharage, na safari hii hakunipa upande wa kushika. "Basi andika. Tunapata kamili, tunamshukuru Mungu."

Kanuni ya kazi yetu ni kuandika anachosema mhojiwa. Nikaandika. Chini ya fomu ya uso kwa uso kuna nafasi ya msaili kueleza alichokiona kwa macho yake, na humo nilijaza hadi pembeni: ndoo, alama, unga, watoto waliolala. Kwa sababu ya maelezo hayo mzani ulirudishwa baada ya miezi miwili, na watu wa ofisini walisema nina jicho kali.

Kuhusu sikio langu hakuna aliyeuliza. Fomu ya simu imo kwenye faili, jina lake juu, na mbele ya swali langu la kwanza ipo tiki yangu, kwamba mama huyu alikuwa peke yake.