Milioni Tisa za Kikundi Chetu

Kri, kri, kri. Hadi leo nausikia mkono wa mashine mpya ya kukamulia asali ukizungushwa uani, siku kikundi chetu cha wafuga nyuki kilipokutana Kwihara.

Taarifa ya mwaka ilisema faida iliyobakizwa ni milioni tisa. Mimi na ndoto zangu, nilishanunua cherehani kichwani. Kumbe benki kulikuwa na laki tatu tu.

"Mama mhazini, nyingine umezinywea chai?" mzee mmoja akauliza. Nami, kwa haraka yangu, nikapiga makofi. Macho ya mama mhazini yakalengwa na machozi.

"Wanangu, faida si lazima iwe hela iliyolala benki," akasema. "Hatukuigawana, tuliirudisha kazini. Mashine hiyo mnayoisikia, milioni nne. Asali tuliyonunua, iliyopo ghalani, milioni tatu. Mteja wa Nzega kachukua mzigo, hajalipa milioni moja na laki saba. Haya, ongezeni hizo laki tatu."

Tukajumlisha kwenye simu. Zikatimia tisa.

"Basi tugawane mashine," mzee akasema kwa aibu, "mimi nipeni mkono wake!"

"Ukishauchukua, asali utaikamua kwa meno?" mama mmoja akamjibu.

Tukacheka sote, isipokuwa mama mhazini. Akafunga daftari lake, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo, bila kumwambia mtu, nilipanda baiskeli hadi kwake, nikapiga hodi, nikamwomba radhi kwa yale makofi.