Sifuri Nane za Jokofu la Chanjo

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, ametunza chanjo katika zahanati moja kwa miaka ishirini na miwili. Wenzake humwita Bi Nukta, kwa kuwa hajapata kuandika nyuzi nne pale kipimajoto kinaposema nne nukta tano. Asubuhi na jioni hufungua jokofu, husoma, hulifunga upesi, kisha huandika daftarini. Mwisho wa mwezi huingiza tarakimu hizo katika kompyuta, nayo huzipeleka makao makuu.

Chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Ile ya pepopunda huogopa baridi kuliko joto: ikiganda, haifai tena.

Mwezi uliopita homa ya matumbo ilimlaza hospitalini siku nne, na ufunguo wa jokofu ulikuwa mkobani mwake. Aliporudi alikuta visanduku vinane vitupu daftarini. Jambo la kwanza alilofanya ni kukitazama kile kiashiria kidogo kilalacho kati ya chupa, ambacho huonyesha alama ya vema hadi kipatwe na baridi ya kugandisha, kisha hugeuka msalaba na hakirudi. Alama ya vema ilikuwa pale pale.

“Dada, jaza nne nukta tano, yaishe,” muuguzi mwenzake alimshauri. “Nani atajua?”

“Nitajua mimi.”

“Haya, mtakatifu wetu! Tutakuwekea sanamu mlangoni.”

Aliviacha vitupu. Hakuna aliyepima, basi hakuna cha kuandika.

Siku tano baada ya ripoti kutumwa alifika msimamizi wa chanjo, karatasi mkononi. Katika ripoti iliyochapwa, vile visanduku vinane havikuwa vitupu. Kila kimoja kilikuwa na sifuri, tena nyekundu. Wastani wa mwezi, uliopaswa kuwa nne nukta tano, ulisomeka tatu nukta tisa, kwa maana sifuri hizo zilijumlishwa na kugawanywa pamoja na vipimo vya kweli.

“Bi Nukta, umetugandishia dozi mia tatu na sitini,” msimamizi alisema.

“Sijagandisha kitu, mzee. Sikuwepo. Sifuri ni kipimo. Ni baridi ya barafu. Mimi sikupima.”

“Karatasi inasema sifuri.”

“Karatasi haikuwa na ufunguo! Njoo ukione kiashiria.”

Alikwenda, akainama, akakiona. Akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Nakuamini, mama. Lakini daktari wa makao makuu amekwisha kutia saini amri ya kuziteketeza. Anaona ripoti, haoni jokofu.”

Walimpigia simu karani wa takwimu, kijana mwenye heshima, wala simlaumu.

“Shikamoo, mama. Ni kweli, mliviacha vitupu. Programu ndiyo inayoweka sifuri.”

“Marahaba. Kwa nini?”

“Wakubwa walilalamika kwamba ripoti ina mashimo kama chandarua cha zamani. Tukaambiwa tuyazibe.”

“Basi weka kistari, mwanangu, na chini yake maelezo kwamba kistari maana yake hakikupimwa. Na usikihesabu kwenye wastani.”

“Ndivyo inavyopasa, mama. Nilishaandika ombi. Lipo kwenye kamati.”

“Tangu lini?”

Kijana alikohoa. “Tangu mwaka juzi.”

Msimamizi aliandika barua kumweleza daktari. Barua ilijibiwa kwa nakala ya amri ileile.

Alhamisi ni siku ya kliniki. Wajawazito kumi na tisa walikaa kwenye mabenchi wakiwa na kadi zao, wakingoja chanjo ya pepopunda, na shemeji yangu alisimama mbele yao kuwaambia warudi baada ya wiki tatu.

“Dawa zimeisha?” aliuliza mmoja, ambaye mimba yake ilikuwa imebakiza siku chache.

“Zipo, mwanangu.”

“Sasa?”

Aliichukua kadi yake, akaandika tarehe mpya. Alasiri alizitoa chupa moja moja, akazihesabu, akazitia katika sanduku la kuchomwa. Kiashiria alikiweka mfukoni. Jioni alikuja kwangu, akakilaza juu ya meza, nasi tukakitazama. Alama ya vema ilionekana waziwazi, na chai yetu ikapoa.

Mwisho wa mwezi huu alijaribu kuandika kwenye kompyuta neno “hakikupimwa” kwa asubuhi moja ambayo betri ya kipimajoto ilikufa. Mashine ilikataa: tarakimu tu. Muuguzi alikuwa nyuma yake, na safari hii hakutania.

“Weka nne nukta tano, dada. Kwa ajili ya wale wa Alhamisi.”

Shemeji yangu anasema kidole chake kilikaa juu ya nne kwa muda. Kisha alikiacha kisanduku kitupu, akatuma, na kwenye kioo akaiona sifuri ikijiandika yenyewe.