Neno la Kunyanyulia Mzigo

Nilisoma mpaka darasa la pili, basi. Yaliyobaki nilijifunzia mgongoni, nikibeba marobota ya tumbaku pale Arua, mpaka nikawa msimamizi wa wabebaji. Wabebaji wangu wengi walitoka ng'ambo ya mpaka, Zaire, wakaniita Kapita, ndiyo msimamizi kwao. Nililipenda jina hilo. Sikupewa bure, nililitolea jasho.

Wale Wazaire wana neno lao la kunyanyua. Nitaliandika hapa mara moja ili msomaji asibaki anabahatisha: tomba. Kwao maana yake ni beba, inua. Mtoto wao anamwambia bibi yake amtombe mgongoni na hakuna anayegeuka. Sisi tunaosema Kiswahili tunajua linamaanisha nini, na kama wewe hujui, muulize mtu mzima. Sasa fikiria watu sita wanalipaza pamoja mbele ya wanawake wa Kiislamu wanaopita kwenda sokoni.

Nilianza kwa kuwakataza. Nikawapa neno letu, beba, wakaitikia vizuri sana wakiwa wameketi wanakunywa chai. Robota lilipokaa begani, ulimi ukarudi kwao. Mmoja akaniambia, "Kapita, mutu ikibeba uzito, mdomo inasema ya mama yake." Alisema kweli. Asubuhi moja waliogopa kulisema, wakanyamaza, upande mmoja ukainua na mwingine ukangoja, robota likamwangukia mtu mguuni. Hapo nikaelewa kwamba lile neno lilikuwa linafanya kazi. Ukimnyima mtu neno, mpe kitu kingine cha kumwambia lini ainue.

Nikawapa jiwe. Nilisimama na jiwe mkononi nikagonga bodi ya lori. Pigo la kwanza, shika. La pili, inua. La tatu, tua. Baada ya hapo uwanja ulikuwa na adabu. Madereva wa kutoka Kampala nao niliwanyoosha. Mganda mmoja alikuwa anampigia kelele utingo wake "kuuma, kuuma!", kwao ni linda, alinde gari, lakini likisemwa haraka masikio yetu yanasikia tusi la uchi wa mwanamke. Nikamwambia, "Ndugu, hapa sema linda. Neno lako linavua watu nguo." Alicheka mpaka akakaa chini, lakini aliacha. Wazaire nao niliwauliza ni maneno gani yetu yanayowachafua masikio. Wakatazamana wakacheka, wakakataa kuniambia. Mpaka leo sijui.

Aliyelisikia lile neno kabla ya jiwe ni mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Koboko kumwona binti yake, mke wangu, aliyekuwa anauza chai na mandazi pale uwanjani. Mama alikuwa wa watu wale wa kale, wajukuu wa askari wa Sudani, mwanamke wa kuvaa vizuri na kusema kidogo. Alifika penye lori wakati ule ule wanapandisha. Aliweka kikombe chini chai haijaguswa.

"Hapa ndipo unapokaa kutwa?" akamwuliza mke wangu.

"Wanabeba, mama. Wanabeba tu."

"Nimesikia wanachofanya."

Akaondoka naye siku ile ile. Nilimfuata Koboko, nikamrudisha kwa kuomba radhi na mchele. Mama hakukanyaga tena uwanjani.

Halafu mke wangu akafa. Alikwenda hospitali ya Kuluva kujifungua, hakurudi yeye wala mtoto. Sina la kuongeza hapo. Watu huniuliza nilihisi nini. Nilihisi kwamba kandambili yangu moja imekatika na sijui nyingine nimeiacha wapi.

Mama mkwe alisema binti yake atazikwa Koboko kwa watu wake. Nikasema sawa. Tajiri wa tumbaku akatoa lori. Alioshwa, akavikwa sanda, akalazwa kwenye jeneza la msikiti, juu wakatandika kitambaa cha kijani. Likabaki la kumpandisha. Lori la marobota bodi yake inanifika kifuani. Wajomba zake walikuwa wauza nguo, wazee wa tumbo na kanzu, wakajaribu kulishika jeneza likalala upande kabla hata halijafika magotini. Wakaliweka chini.

Wabebaji wangu walikuwa wamesimama nje ya ua tangu alfajiri. Walikuwa wamenywa chai yake miaka. Yule aliyeniambia habari ya mdomo na uzito akasogea, kofia mkononi.

"Kapita, mama ya chai iko yetu pia. Tuache tumupandishe."

Nilimtazama shehe. Shehe akasema wampandishe tu, kuswalia na kuzika ni kwetu. Nikamtazama mama mkwe, amesimama mlangoni na mtandio wake mweupe. Alijua ni akina nani.

"Sikiliza, mwanangu," akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Binti yangu anatoka nyumbani kwake mara ya mwisho. Lile neno likisemwa juu yake, wewe kwangu hukuoa."

"Halitasemwa, mama. Wanafuata jiwe."

Niliokota jiwe. Nakumbuka lilikuwa na tope upande mmoja, nikalifuta kwenye suruali. Wawili walipanda juu kupokea, wanne wakabaki chini, wawili kila upande. Nikagonga la kwanza. Wakashika. Nyumba nzima ya wanawake ikaangua kilio wakati huo huo, maana ndipo walipoona anaondoka. Nikagonga la pili.

Walio upande wangu walisikia. Wa upande wa pili hawakusikia kitu. Upande wangu ukapanda, kitambaa cha kijani kikaanza kuteleza, nikaona umbo lake ndani ya sanda linakwenda. Nilisimama na jiwe langu. Sikuogopa. Nilitazama kama vile ni robota la mtu mwingine.

Yule mbebaji wa kofia akalitoa lile neno. Kwa kifua chote, mara moja.

Upande wa pili uliinuka kama umevutwa kwa kamba. Jeneza likasimama sawa, likapanda, wa juu wakalipokea, likakaa. Kilio kilikuwa kimekatika. Kila mtu alisikia. Mjomba mmoja akafunga macho. Mbebaji alibaki mikono juu, hajui aishushe vipi.

Mama mkwe akatoka mlangoni, akaja mpaka kwenye lori.

"Aliyesema ni nani?"

"Mimi, mama," mbebaji akajibu. "Mama, samahani. Ilikuwa inaanguka."

"Ameanguka?"

"Hapana, mama. Iko sawa. Iko sawasawa kabisa."

Alinyoosha shingo akatazama mwenyewe. Akakivuta kile kitambaa kwa ncha za vidole mpaka kikafunika vizuri.

"Pandeni wote," akawaambia. "Barabara ya Koboko ina mashimo. Mumshike." Kisha akanigeukia. "Na wewe panda, mkwe. Unangoja nini?"

Nikapanda. Walimshika njia nzima, wamechuchumaa, vumbi limewafanya wote rangi moja.  Nilihesabu madaraja, nikasahau, nikaanza upya.

Koboko ua ulijaa wanawake, na walipoliona lori wakaanza. Mama mkwe alishuka mbele, kwa dereva. Aliwaendea kabla hajavua hata viatu.

"Nyamazeni kidogo, dada zangu," akasema. "Watu wanashusha. Wanahitaji kusikia."

Wakanyamaza, wale wote. Niligonga bodi, shika, na kila mtu uani alisikia. Nikagonga inua. Alishuka bila kutikisika, nikagonga la mwisho akatua kwenye mkeka. Ndipo mama mkwe akawageukia wanawake akainamisha kichwa, wakaendelea kulia.

Mimi nilikwenda kunawa mikono. Walinipa chakula, nikala chote.