Kombe alilolishika binti yangu

Tulikuwa wanne sebuleni kwangu Mandewa, baada ya arobaini ya binti yangu. Mimi mama yake. Mdogo wangu wa kiume, mjomba wa marehemu. Mkwe wangu, mume wa marehemu, aliyekuja kwa basi kutoka Manyoni. Na mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwalimu wa bailojia aliyesomea mambo ya bahari. Majina yao ninayo yote kichwani, lakini nimeyaacha, kwa sababu maneno mengine yalisemwa kwa hasira.

Binti yangu alifia pwani, walikokwenda na mumewe kwenye harusi. Asubuhi walitembea ufukweni, na jioni hakuwepo. Mkwe wangu alieleza vile vile tangu siku ya kwanza: mkewe alisema mkono umekufa ganzi, kisha midomo ikawa mizito, kope zikaanguka, pumzi ikakata. Kwa mdogo wangu hiyo ilikuwa sumu ya chakula, akamtazama aliyekula naye. Siku ya mazishi alimzuia mkwe asitie udongo kaburini. Mume asiyemtilia mkewe udongo, kwetu, amekwisha kuhukumiwa.

Sasa, baada ya arobaini, mkwe alikuja kuomba aende kaburini. Alikaa karibu na mlango, viatu mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Salimia wazazi wako," mdogo wangu akamjibu. "Hapa umefuata nini?"

Mkwe akanipa simu. "Mama, hii ndiyo picha ya mwisho. Alisema kombe hilo la baharini anakuletea."

Binti yangu alikuwa amesimama mchangani, kombe limelala kiganjani, vidole vimelifunga kidogo. Nikamwita mwalimu kutoka uani, maana macho yangu hayaoni vitu vidogo.

"Kauri hiyo," mdogo wangu akasema. "Za waganga. Ndiyo alikwenda kuichukua mwenyewe, au huyu ndiye aliyempeleka?"

"Siyo kauri, babu," mwalimu akasema, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Kauri ikikomaa huoni kwa nje mzunguko wake wa kujiviringa, na mdomo wake una meno pande zote mbili. Hili lina mzunguko. Tazama upande huu mpana."

"Makombe mangapi yana mzunguko?"

"Mengi. Ndiyo maana tunaangalia na umbo. Kuna makombe yana mzunguko mrefu, yamechongoka kama msumari. Hili mzunguko wake umelala, karibu bapa. Bega pana, halafu mwili unakwenda ukisinyaa hadi ncha. Na mdomo ni ufa mwembamba, umeshuka urefu wote."

Nikaingia chumbani nikatoa kidani cha marehemu mama yangu, kile kisahani cheupe cha kombe kilichoning'inia shingoni mwake hadi alipozeeka. Mwalimu alikigeuza, akafuata mzunguko kwa ukucha.

"Bibi, hiki kilikatwa kwenye bega la kombe la ukoo huu huu. Ukoo wa koni."

Basi nikaelewa binti yangu aliliinamia kwa nini. Sisi wa bara kombe tunalijua likiwa pambo, limekatwa, limetobolewa, limepitishwa uzi. Nani kwetu alipata kuliona likiwa na mwenyewe ndani?

"Lina mwenyewe?" nikauliza.

Mwalimu akanirudishia kidani. "Ni konokono, bibi. Ana jino kama sindano, analirusha kutoka upande wa ncha. Ukoo mzima wana sumu, ila wengi hawaui mtu. Huyu ana mistari ya kahawia kama wavu, na vipande vyeupe vya pembe tatu. Wenye michoro hii baadhi yao ni wabaya sana. Ukoo nina uhakika nao. Aina yake siwezi kuapa, picha imeonyesha upande mmoja."

"Na huyo mbaya anafanyaje?" mdogo wangu akauliza.

"Ganzi. Midomo. Macho. Halafu pumzi. Wengine wakichomwa hata hawasikii maumivu."

Mkwe wangu akainamisha kichwa magotini akalia kwa sauti. Mdogo wangu akasimama, akachukua jembe nyuma ya mlango.

"Vaa viatu," akamwambia. "Kuna majani yameota pale. Tukayatoe, na wewe utie udongo wako."

Wakatoka wamefuatana. Mimi nilibaki na simu. Nilikuwa nimepata mtu wa kumlaumu, sasa sina, na mtoto wangu bado hayupo. Ule uchungu umekosa pa kukaa, umerudi wote kwangu.

Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba pichani alikuwa anacheka. Mkwe wangu anasema hakucheka, alikunja uso kwa sababu ya jua. Mwalimu yeye alitazama kombe tu. Ninyi ndugu mliotumiwa ile picha, itazameni tena, na kama nimekosea nisahihisheni, ila mniambie polepole.