Kope Iliyozunguka

Chumba cha hadubini kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa ukumbi, na ndani yake alitawala mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Vioo. Cheti hakuwa nacho. Shule aliiacha darasa la nne, na kusoma kwake kulikuwa kwa kufuata kidole. Lakini miaka thelathini na mmoja alikuwa amekata ngozi za watu vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavibandika juu ya vioo, akavipaka rangi, na madaktari wa hospitali nzima waliyafunzia macho yao pale pale mezani kwake.

Hakupenda kusifiwa na hakupenda kusahihishwa, ila kusahihishwa ndiko kulikomkera zaidi.

Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na ufa katikati ya kucha, toka ndani hadi nje. Wembe wa mashine ya kukatia ngozi ulimteleza alipokuwa msichana. Wanafunzi wapya walipomuuliza kwa nini kucha haijapona, alikiweka kidole mbele yao.

"Wembe ulipita hapa, chini ya hii ngozi iliyojikunja," angesema. "Huku ndiko kucha inakotengenezwa. Ndipo penye mzizi wake. Hicho kijimwezi cheupe mnachokiona kwenye vidole vyenu ni ncha ya mzizi inachungulia. Hili bamba gumu ni seli zilizokufa zikabanana, linasukumwa mbele tu, limelala juu ya kitanda chake. Ukiumia kitandani, kucha inaota vizuri. Ukiumia mzizini, umeumia maisha. Haya, andikeni."

Wakaandika. Mmoja wa waliowahi kuandika hivyo, miaka kumi na miwili nyuma, sasa alikuwa Daktari Mwalimu, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka mikono. Yeye ndiye aliyesimamia somo la ngozi. Jumatatu ile asubuhi aliingia na bahasha ya karatasi za mtihani, uso umekunjamana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, unaniwekea kivuli."

Hakukaa. "Mama, kituo cha nne cha mtihani wa Ijumaa, ile hadubini ya nne, kimeharibika. Wanafunzi kumi na mmoja wamekosa. Niliuliza ni tezi gani inayoonyeshwa na mshale ndani ya hadubini, na inafanya kazi gani. Jibu ni tezi ya mafuta. Kumi na mmoja wameandika tezi ya jasho."

"Basi hawakusoma."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini nilirudi Ijumaa jioni kuchungulia. Mshale uko juu ya tezi ya jasho." Akashusha sauti, na hapo ndipo Mama Vioo alipojua kuwa linakuja jambo. "Mama, wewe ndiye uliyepanga hadubini. Macho ni kitu cha Mungu, yanachoka. Nimemwandikia Mkuu wa Idara. Nimeomba hii miezi minane iliyobaki kabla hujastaafu ukae stoo ya chupa. Huko hakuna kuinama. Na hao kumi na mmoja watarudia mtihani."

Mama Vioo alikuwa akifuta kioo kwa kitambaa. Alikifuta mpaka kikalia.

"Barua umeshaipeleka?"

"Asubuhi hii. Ataisoma saa sita."

"Stoo ya chupa," akasema, kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. "Mimi."

Kuna kuambiwa umezeeka, na kuna kuambiwa umekosea. La kwanza angelimeza. Ngozi iliyo kwenye kioo cha kituo cha nne aliikata mwenyewe. Ngozi ya kichwa hailazwi kwenye nta ya kugandishia kama mkate. Unaisimamisha kwa ubavu, ili wembe upite sambamba na nywele, na kifuko cha nywele kionekane kizima, tangu juu ya ngozi hadi kwenye kitunguu cha mzizi wake huko chini penye mafuta. Ukiilaza, unapata viduara vitupu kama pete zilizomwagika. Wangapi walikuwa wameilaza? Huyu huyu Daktari, mwaka wake wa pili, aliilaza, akalia.

Akainuka. "Njoo."

Hadubini zote ishirini zilikuwa bado zimefunikwa, maana Ijumaa baada ya mtihani alifunga mlango kwa ufunguo wake, na Daktari alipofungua jioni kwa ufunguo wa akiba kuchungulia alirudisha kifuniko kama alivyofundishwa. Mama Vioo akafunua ya nne, akawasha taa, akainama. Kweli. Kivuli chembamba cheusi kililala juu ya kifungu cha vimirija vilivyojiviringa, vimekatwa vikawa pete pete, vingine vyeupe vyenye tundu pana, vingine vyekundu zaidi vyenye kuta za safu mbili. Tezi ya jasho, hata mtoto angejua.

Akacheka kidogo puani.

"Daktari, huu mshale ni nini?"

"Ni mshale wa hadubini."

"Ni kope yangu. Hadubini hizi zilikuja bila mishale, nikang'oa kope zangu mwenyewe nikazigandisha ndani ya lenzi za jicho, moja moja. Ndiyo maana jicho langu la kulia limepungukiwa. Sasa kope ni fupi. Haifiki katikati, inaishia nusu ya njia. Shika hapo kwenye lenzi ya jicho, uizungushe polepole, na jicho lako liwe humo humo."

Daktari akainama, akazungusha.

"Nini unakiona?"

"Ngozi imetulia. Kope inakwenda." Akazungusha zaidi. "Inazunguka kama mkono wa saa. Imepita kifuko cha nywele. Sasa iko kwenye... subiri. Vifuko vyeupe vyenye seli kubwa kama povu la sabuni, vimebebana na kifuko cha nywele."

"Tezi ya mafuta. Zile seli zinajaa mafuta mpaka zinapasuka nzima nzima, zinamwagikia kwenye njia ya nywele. Na pembeni yake?"

"Msuli mdogo wa kusimamisha nywele."

"Hapo ndipo nilipoiweka Ijumaa asubuhi. Kioo hakikuguswa. Kilichoguswa ni jicho la hadubini."

Daktari akanyanyuka, shingo imemuuma. "Mama, mimi nakuamini. Lakini neno hilo kila fundi anaweza kulisema. Mkuu ataniuliza, nani aliigeuza, na lini?"

"Karatasi zako umezipanga vipi?"

"Kwa majina."

"Ndiyo shida ya watu waliosoma. Lete hapa."

Kila karatasi ilikuwa na namba ya kituo alichoanzia mwanafunzi, na namba Mama Vioo hakuzihofia. Ni yeye aliyepiga kengele Ijumaa ile, mara ishirini, dakika mbili mbili, na kila ilipolia wote walisogea kituo kimoja mbele. Kwa hiyo wa kwanza kuinamia hadubini ya nne alikuwa namba nne mwenyewe. Wa pili ni namba tatu aliyetoka nyuma yake, kisha mbili, kisha moja, halafu ishirini aliyezunguka chumba, kumi na tisa, na kuendelea kushuka hadi tano, wa mwisho. Akazipanga karatasi mezani kwa mstari huo, kwa kidole, akinong'ona.

"Sasa nisomee majibu ya kituo cha nne. Nikisoma mimi tutalala hapa."

Daktari akasoma. "Mafuta. Mafuta. Mafuta. Mafuta. Mafuta..." Tisa. Akafika namba kumi na tano. "Jasho." Akaendelea, na sauti yake ikawa inapungua. "Jasho. Jasho. Jasho. Jasho..." Kumi na moja mfululizo, mpaka mwisho wa meza, hakuna hata mmoja aliyechanganyika.

"Watu hawawi wajinga kwa foleni," akasema Mama Vioo. "Nani huyo namba kumi na tano?"

Daktari akasoma jina, akakuna kichwa. "Ni yule mrefu. Wanamwita Miwani."

Miwani akaitwa. Alikuja mbio toka maktaba, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi. Alikuwa na shingo ndefu na miwani mizito kama vitako vya glasi.

"Mwanangu," akasema Mama Vioo, "Ijumaa ulipofika kituo cha nne ulifanya nini? Siulizi uliandika nini. Ulifanya nini?"

"Niliangalia, Mama."

"Kwa miwani?"

Kijana akaishika miwani yake. "Miwani ilikuwa imejaa ukungu. Nilikuwa natoka jasho vibaya, Mama, uso mzima. Nikaivua. Bila miwani nikaona ukungu mwingine. Nikazungusha hiki cha juu kidogo."

"Kidogo?"

"Kama nusu mzunguko."

"Mtihani ulisema uguse nini?"

"Kile kirungu kidogo cha pembeni cha kuing'arisha picha tu." Akaangalia chini. "Nilikizungusha kwanza, Mama, kikagoma. Niliona muda unakwisha."

Mama Vioo akamgeukia Daktari. "Umesikia. Nusu. Kope imetoka kwenye mafuta, imevuka kifuko cha nywele, imetua kwenye jasho. Huyu na wenzake kumi waliomfuata wamejibu walichokiona. Waliandika kazi gani?"

Daktari akapitia. "Kupoza mwili. Wote isipokuwa mmoja, kaandika kulainisha nywele."

"Huyo mmoja ndiye aliyekosa. Aliiona tezi ya jasho akaipa kazi ya jirani yake."

Daktari akaanza kucheka, akajizuia, halafu akashindwa. Miwani naye akacheka kwa woga, hajui kama amesamehewa.

"Wewe usicheke," Mama Vioo akamwambia. "Kuanzia leo mpaka mwisho wa muhula, kila Jumatano unakuja kunifutia lenzi. Zote ishirini. Ukigusa kope yangu hata moja nitang'oa zako."

"Sawa, Mama. Asante, Mama."

"Na hicho kirungu kilichogoma kitiliwe mafuta. Hilo ni kosa langu, nalikubali, sitaki mtu anisaidie kulikubali."

Kijana akaondoka, hatua zake zikasikika ukumbini zikigeuka kuwa mbio. Daktari alikuwa ameshaanza kufuta sifuri kwenye karatasi na kuweka alama, kwa wanafunzi kumi tu, kwa kalamu nyekundu. Alipomaliza akaangalia saa. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Mama, nisamehe. Nilisema macho yako yamechoka."

"Yamechoka. Lakini hayajasahau."

"Nitapanda kwa Mkuu sasa hivi, niirudishe ile barua kabla hajaifungua. Nitamweleza."

"Hutamweleza. Utamwonyesha." Mama Vioo alikuwa tayari ana utepe wa gundi mkononi. Alirudisha lenzi pale ilipoachwa Ijumaa, juu ya jasho, akabandika utepe ubavuni, akachora juu yake alama ya wino, akachora nyingine pale kope inapogusa mafuta. "Azungushe mwenyewe toka alama hii hadi hii. Mtu mkubwa haamini masikio yake."

"Mama, Mkuu yuko ghorofa ya tatu. Hadubini hii ni chuma kitupu."

"Najua uzito wake. Nimeibeba miaka thelathini na mmoja." Akakusanya karatasi ishirini kwa mpangilio wake, akaziweka kwapani, akatangulia mlangoni. "Mkono mmoja shingoni, mmoja chini ya kitako. Kama mtoto mchanga. Na usiiinamishe."

Daktari akakunja mikono ya shati lake lenye pasi, akabeba. Ngazini Mama Vioo alipanda taratibu, akishika ukuta, akipumzika kila kona, na kila alipopumzika Daktari ilibidi asimame nyuma yake na chuma kile kifuani, jasho likimtiririka puani bila mkono wa kulifuta. Wanafunzi waliokuwa wakishuka walijibanza ukutani, wakawapisha, wakawaamkia wote wawili, Mama kwanza.