Salamu Yangu ya Kaunta

Nilipohamishwa kutoka duka letu la dawa za mifugo Bungoma kuja tawi la Kitale, roho yangu ilikataa kupanda gari. Kila Jumatatu meneja wetu wa hapa Kitale, mama mmoja mpole, anatuchezea salamu zenye zimerekodiwa kwa kaunta, tusikie vile tunapokea wateja. Ikafika yangu: "Sema. Unataka nini?" Baridi hiyo, bana, ingegandisha maziwa ya Trans-Nzoia yote!

"Mzee, hujasalimia mtu, ushamuuliza shida," akasema. "Ikiendelea hivi nitakupeleka stoo ubebe magunia."

"Stoo? Si panya watahama wenyewe wakisikia salamu yangu!" nikasema.

Wenzangu wakacheka. Meneja akacheza rekodi yangu ya zamani ya Bungoma. Nikajisikia nikisalimia vile tunasalimiana kwetu: "Mulembe mama! Ile ndama imesimama?" Halafu nangoja ajibu. Huyo mteja, mama wa Kimilili, akajibu polepole, akaingia mambo ya mahindi, akacheka cheko ya kutikisa mabati. Siku hizi nani anamuuliza hiyo ndama?

"Hapa sijui ng'ombe ya mtu," nikasema.

"Basi salimia, uulize, na ungoje ajibu. Utajua."

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mwenye koti kubwa.

"Karibu mzee. Habari ya nyumbani?"

Nikangoja, naona kama mwaka mzima. Akaegemea kaunta.

"Nyumbani ni kuzuri, lakini ng'ombe inakohoa."

"Ilianza lini?"

Akaanza tangu siku ilizaliwa. Laini ya wateja ikafika mpaka barabarani, na sikumkatiza. Tangu nifike Kitale, hakuna mtu alikuwa ameniongelesha hivyo.