Baba Wawili Dirishani kwa Mhasibu

Kaka yangu ni fundi wa makochi, na mtaa mzima unamwita Makochi. Ana mikono ya dhahabu na roho ya wivu. Nasema hivi nikiwa dada yake wa damu, tumbo moja, na yeye mwenyewe anajua kwamba nasema.

Alipomuoa wifi yangu, wifi alikuja na binti mdogo ambaye hata kamasi alikuwa hajui kupenga. Baba wa mtoto, muuza matairi, alikuwa amekula kona kabla mtoto hajaota meno. Makochi akamlea. Akamfundisha kuendesha baiskeli na kufunga kamba za viatu, na binti alipopelekwa shule ya bweni, ni yeye aliyemnunulia sanduku la bati na kuandika juu yake, kwa rangi nyeupe na brashi yake ya kazini, namba ya usajili ya mtoto. Ada alikuwa akiipeleka mwenyewe kila mwezi, taslimu. Siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama dirishani kwa mhasibu wa shule akiwa ametunisha kifua, halafu akaomba aitiwe binti amsalimie. Ile ndiyo ilikuwa sikukuu yake.

Sasa mwaka huu Matairi akarudi. Karudi na gari, karudi na marashi, karudi na kitambi cha mtu aliyefanikiwa. Akaketi sebuleni kwa kaka yangu, juu ya kochi alilolitengeneza kaka yangu, akasema anataka kulipa nusu ya ada.

"Na sitaki mtu asumbuke kubeba pesa mkononi," akasema. "Mimi nimeshaongea na benki. Kila tarehe tano inakatwa yenyewe, inaingia shuleni. Agizo la kudumu, wanaita."

"Safi sana," akasema wifi yangu.

Maneno mawili tu, lakini niliona yanavyomchoma kaka yangu. Kwa miaka yote ya shati lililopigwa pasi hajawahi kuambiwa safi sana. Matairi alipoondoka, Makochi akaenda kulikagua lile kochi, akapiga mito vumbi kama anampiga mtu.

"Kesho tunaenda benki," akaniambia.

"Tunaenda na nani?"

"Mimi na wewe. Nani mwingine?"

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimeketi mbele ya meza ya dada wa benki, mwanamke mpole mwenye miwani, akituuliza mambo kwa utaratibu. Pesa itoke akaunti gani. Iende akaunti gani, benki gani, tawi gani. Jina la akaunti, si lile la kwenye kibao cha getini, bali lile lililoandikwa kwenye barua ya ada, herufi kwa herufi. Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Kila baada ya muda gani.

"Kila mwezi," akasema Makochi. "Tarehe nne."

"Tarehe nne una uhakika pesa itakuwemo? Isipokuwemo malipo hayaendi, na benki inakukata faini."

"Nitaiweka tarehe tatu."

"Wateja wengi huchagua baada ya mshahara. Kwa nini nne?"

"Kwa sababu kuna mtu ana tarehe tano."

Dada wa benki akanitazama mimi. Nikatazama feni.

"Na mwisho wake lini?" akauliza. "Malipo yakome mwezi gani?"

"Yakome?" Kaka yangu alikuwa kama mtu aliyetukanwa. "Baba hakomi."

"Shule ina mwisho, kaka."

Wakaandika mwezi wa mwisho wa masomo. Kisha wakafika kwenye visanduku vya maelezo ya malipo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Hapa andika namba ya usajili ya mwanafunzi," akasema dada wa benki. "Ndiyo shule inayoitazama kujua hii ni ada ya nani."

"Nataka kuandika ADA KUTOKA KWA BABA YAKE."

"Namba haitaenea tena, visanduku vitakwisha."

"Huyo mwingine yeye ameandika nini?"

"Kama yupo, ama hayupo, ama ameandika nini, siwezi kukuambia. Taarifa za mtu mwingine hizo."

"Basi andika nilivyosema. Pesa ni yangu."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakusikia, au alisikia na kupuuza. Dada wa benki akamwonya mara ya pili, kisha akamsogezea karatasi. Makochi akatia saini kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Tarehe nne pesa ikaondoka. Ujumbe ulipoingia kwenye simu, alimwonyesha mkewe, akanionyesha mimi, akamwonyesha na mteja aliyekuja kuchukua stuli. Kesho yake alitembea akipiga mluzi, akimhurumia mtu wa tarehe tano.

Mwezi huohuo, wiki ya mitihani, shule ikapiga simu. Binti hataingia chumba cha mtihani, ada yake ya mwezi haijalipwa hata senti. Makochi alinipitia kazini kwangu na kiatu kimoja hakijafungwa. Tulipofika, gari la Matairi lilikuwa limeshaegeshwa getini. Binti alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, rula na kalamu mkononi, macho mekundu. Alitusalimia mimi na kaka kwa sauti ndogo. Ndani ya madarasa mtihani ulikuwa unakaribia kuanza.

Dirishani Matairi alikuwa anagomba. Kaka yangu naye akajisukuma, akaanza kugomba juu ya ugomvi wa mwenzake.

"Subirini," akasema mhasibu. Akageuza karatasi ya benki watuone. "Hii ya tarehe nne: ada kutoka kwa baba yake. Hii ya tarehe tano: ada kutoka kwa baba mzazi. Majina yenu ya benki hayafanani na la mtoto yeyote hapa, na wewe wa taslimu nakujua kwa sura tu." Na kweli, binti anatumia jina la babu yake mzaa mama. "Hizi pesa zimekaa tu. Nina baba wawili, mtoto sina."

Nilitaka kucheka, nikamwona binti mlangoni anawatazama, kicheko kikaniisha.

"Nipeni namba yake ya usajili," akasema mhasibu, "nizihamishie sasa hivi. Halafu kila mtu akarekebishe agizo lake benki, au mwezi ujao tutakutana tena."

Matairi akapapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali. Akafungua simu, akaifunga. Akamgeukia kaka yangu, na lile tumbo lote likanywea.

"Namba yake ni ngapi?"

Ilikuwa ndiyo nafasi. Angeweza kumwacha atoe jasho mbele ya mtoto, na mimi nikimjua kaka yangu, nilijua anaitamani hiyo nafasi kuliko chakula. Alimtazama Matairi. Akamtazama binti na rula yake.

"Moja, nne, sifuri, sita," akasema. "Andika. Usije ukaisahau."

Matairi akaandika kwenye kiganja. Mhasibu akagonga muhuri, binti akakimbia darasani bila kumuaga yeyote kati yao.

Mimi na Makochi tukaenda benki moja kwa moja, mpaka mlangoni. Hapo akasimama, akafunga kamba ya kiatu chake.

"Hajui namba ya mtoto," akasema. Nilidhani atafurahi. Sauti yake ilikuwa ya kulia. "Mimi naijua, na sikuiandika."